Msaada wa utambuzi: huyu wa kwenye picha ya usiku ni mondo, simbamangu, kimburu au paka tu wa jirani?

#1 Mkulima_Rhotia
Wakuu, salamu. Niko Rhotia, Karatu. Nyuma ya nyumba nina bustani ya sukuma wiki na karoti, na banda la kuku pembeni. Mwezi huu vifaranga wawili wamepotea bila kuacha hata unyoya, nikaamua kufunga kamera ya ulinzi kwenye pembe ya paa. Usiku wa kuamkia jana, saa 8 na dakika 47, imenasa huyu hapa chini. Mke wangu anasema paka wa jirani. Kijana wangu wa kazi anasema mondo na ameapa hatoki nje usiku tena. Mimi nasema simbamangu. Wajuzi njooni.

#2 Nyuki_Mkali
Picha haifunguki huku kwetu, mtandao wa kubahatisha. Tueleze basi.

#3 Mkulima_Rhotia
Picha ya nyeusi na nyeupe. Mnyama anapita kutoka kushoto kwenda kulia, ubavu wote unaonekana, ila kichwa amekigeuzia upande wa pili, kwa hiyo naona mgongo wa masikio, uso hauonekani. Miguu mirefu. Mwili unaonekana wa rangi moja, karibu mweupe. Miguuni kuna michirizi hafifu. Mkia umening'inia, karibu na ncha una pete mbili tatu na ncha yenyewe nyeusi. Nyuma yake ipo ndoo yangu ya lita 20 ya kumwagilia, na bega lake limeizidi ndoo kama vidole vinne hivi. Na sikio la kulia lina kitu kama kishungi cha nywele juu.

#4 Kipanga_wa_Mufindi
Mkia wenye pete na ncha nyeusi, miguu mirefu: mondo huyo, mada ifungwe. Huku kwetu tunawaona kwenye majani marefu ya mabondeni. Anasimama kimya akisikiliza panya, halafu anaruka juu kama kapigwa shoti na kumtua panya kwa miguu ya mbele. Kijana wako yuko sahihi.

#5 Dogo_Sokoni
Mondo ana madoa mkuu. Huyu hana doa. Rangi moja + kishungi cha sikio = simbamangu. Mleta mada umejijibu mwenyewe.

#6 Mama_Shughuli
Mimi sisemi kitu, nimekaa pembeni na karanga zangu. Ila huyo anafanana na Pusi wangu aliyepotea tangu Pasaka.

#7 BabuLenzi
Habari zenu. Nimefunga kamera za kutegea wanyama kwa miaka mingi, nchi hii na jirani. Nianze na jambo linalowapoteza wengi: usiku hiyo kamera haioni rangi. Vitaa vidogo vinavyozunguka lenzi vinatoa mwanga wa infraredi ambao sisi hatuuoni, na kamera inapokea kinachorudi. Rangi ya udongo, rangi ya chungwa, kahawia ya chai, vyote vinarudi vimepauka. Kwa hiyo kusema "mwili ni wa rangi moja" kwenye picha kama hiyo hakuna uzito mkubwa. Michirizi hafifu ndiyo ya kwanza kufutika, hasa mnyama akiwa karibu na taa.

Madoa ya mondo ni habari nyingine. Ni meusi kweli, na shingoni yanaungana kuwa mistari minene. Hata usiku huwa hayapotei, labda picha iwe imeungua kwa mwanga. Kwa hiyo #5 nusu yako ya kwanza naikubali, nusu ya pili bado.

Kabla ya kishungi cha sikio, mleta mada nijibu: mkia ukining'inia unafika wapi?

#8 Profesa_wa_Kijiweni
Nyongeza kidogo: hizo kamera zinapima joto la mwili. Ndiyo maana macho ya mnyama yanawaka, sehemu hiyo ina joto kali.

#9 BabuLenzi
Hapana Profesa, unachanganya vitu viwili. Kihisi kinachoiamsha kamera ndicho kinachogundua joto linalopita. Picha yenyewe inapigwa kwa mwanga wa vile vitaa. Macho yanawaka kwa sababu yana tabaka nyuma linalourudisha mwanga, kama kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli. Yanawaka kwa paka, kwa fungo, hata kwa ng'ombe.

#10 Profesa_wa_Kijiweni
Sawa, nimekubali kishingo upande.

#11 Mkulima_Rhotia
Babu, mkia unashuka karibu na ardhi. Umebakiza labda upana wa kiganja.

#12 BabuLenzi
Basi mondo na simbamangu wote wawili wameanza kuaga. Hao mikia yao ni mifupi kuliko watu wanavyodhani. Ikining'inia inaishia kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, pale unapopinda, au ikizidi ni kidogo tu. Ukimtazama mondo kwa mbali utasema mkia umekatwa, kwa jinsi miguu ilivyo mirefu. Mkia wa mondo una pete, #4 hajakosea hapo, lakini pete wanazo pia kimburu na paka wa nyumbani mwenye michirizi. Urefu ndio unaosema. Simbamangu yeye hana hata hizo pete.

#13 Dogo_Sokoni
Na kishungi? Babu unakiruka kishungi.

#14 MwanaLaikipia
Niko Nanyuki, hapa Kenya. Kishungi cha simbamangu si kitu cha kubahatisha, ni nywele nyeusi zenye urefu wa sentimita 4 au 5 hivi. Hata Waturuki walimwita kwa masikio hayo, "karakulak" yaani sikio jeusi. Kama kipo, kipo. Nilimwona mmoja alfajiri kando ya barabara, nyuma kainuka kuliko mbele, kama gari limepakiwa matofali upande wa boneti.

By the way ya kando, huku milima ya Aberdare kuna mondo weusi tii kabisa. Kwa hiyo wa "mondo lazima madoa" mjue kuna siku mtaaibika.

#15 Kipanga_wa_Mufindi
Mondo mweusi? Usitupige kamba.

#16 BabuLenzi
Si kamba. Wapo wa nyanda za juu za Kenya na Ethiopia. Ila huyu wa Rhotia si mweusi, kwa hiyo hatusaidii.

Kuhusu kishungi: mleta mada, chukua picha ya kamera hiyohiyo ikiwa haina mnyama, ya usiku uleule kama ipo, ulinganishe mahali palepale.

#17 Mkulima_Rhotia
Wakuu nacheka peke yangu. Nimefungua picha ya saa 8 na dakika 31 iliyowashwa na popo au mdudu. Kishungi kipo! Mnyama hayupo, kishungi kipo. Ni jani la mchaichai lililo nyuma, limesimama palepale sikio lilipopita.

#18 Mama_Shughuli
Simbamangu wa mchaichai 😂😂 Weka maji jikoni.

#19 Dogo_Sokoni
Haya nimeshindwa kwenye kishungi. Lakini ukubwa je? Ndoo ya lita 20 ina kimo cha sentimita 38 hivi, na bega limeizidi vidole vinne. Hapo ni sentimita 45 au 46. Hakuna paka wa nyumbani mwenye bega la sentimita 45. Hiyo ni saizi ya simbamangu, na mkia labda kamera imeurefusha.

#20 FundiBomba
Ndoo ipo nyuma ya mnyama, #3 kasema mwenyewe. Kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa. Hata mimi nikisimama mbele ya mlima Meru kwenye picha naufunika.

#21 BabuLenzi
FundiBomba kapiga msumari. Mkulima, toka na futi ya kamba. Pima kutoka kamera hadi ndoo, na kutoka kamera hadi mahali miguu ya mnyama ilipokanyaga. Kama udongo ulikuwa umemwagiliwa, nyayo zitakuonyesha.

#22 Mkulima_Rhotia
Nyayo zipo, hazina alama za kucha. Kamera hadi ndoo mita 6. Kamera hadi nyayo mita 4 na nusu.

#23 FundiBomba
Basi hesabu ni nyepesi. Sentimita 46 zako ni za mahali pa ndoo. Mnyama yuko kwenye robo tatu ya umbali huo (4.5 kwa 6), kwa hiyo kimo chake ni robo tatu ya 46, yaani kama 34 na nusu. Simbamangu amesinyaa tayari.

#24 BabuLenzi
Hesabu ni nzuri kwa kuanzia, ila kamera iko juu ya paa inatazama chini, na hapo mambo yanapinda kidogo. Njia ninayoiamini ni ya kijiti. Tafuta mti mnyoofu, upime, kila sentimita 10 ufunge kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Usitumie utepe mweupe wala ule unaong'aa, usiku utawaka mpaka hutaona alama. Mpira mweusi unabaki mweusi hata kwenye infraredi. Kisimamishe kijiti wima juu ya nyayo za mguu wa mbele, subiri giza, pita mbele ya kamera ipige. Halafu weka picha mbili sambamba. Usiisogeze kamera hata kidogo, la sivyo kazi yote inaanza upya.

#25 Nyuki_Mkali
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Huyo fungo anayetoa ile kahawa ya bei mbaya anapatikana Karatu? Maana kahawa mnayo.

#26 MwanaLaikipia
Yule ni wa Asia mkuu, ni jamaa mwingine kabisa wa ukoo wa fungo. Na huyu tunayemjadili si fungo wala kanu. Kanu ana miguu mifupi na mwili mrefu kama soseji.

#27 Mkulima_Rhotia
Nimerudi na kijiti. Usiku wa jana nilipiga picha nne. Bega la mnyama linaangukia kati ya alama ya 30 na ya 40, karibu na katikati. Niseme 34 mpaka 36. Mguu wa mbele ulikuwa umesimama wima kabisa, haujanyooshwa kwa hatua.

#28 BabuLenzi
Kazi safi. Mondo aliyekomaa bega lake ni sentimita 54 na kuendelea, simbamangu huanzia kama 40. Wa sentimita 35 angekuwa mtoto, na mtoto wa mondo anakuwa na madoa tangu udogoni. Ukichanganya na ule mkia, mimi hao wawili nimewatoa.

Tumebaki na kimburu na paka wa nyumbani, na hapo ndipo kazi ilipo.

#29 Kipanga_wa_Mufindi
Mie sijawatoa. Picha moja, kijiti kimoja. Mkia ungeweza kuwa kivuli.

#30 Bi_Sikio
Kwa kimburu mbona rahisi? Mgongo wa masikio yake ni mwekundu, kama udongo wa Karatu wenyewe. Paka wa nyumbani masikio yana rangi ileile ya mwili. Na mleta mada anasema masikio yanaonekana kwa nyuma. Je, ni mekundu?

#31 Mama_Shughuli
Dada, picha ni ya nyeusi na nyeupe 😅

#32 Bi_Sikio
Oh. Basi yamepauka?

#33 BabuLenzi
Bi Sikio, alama yako ni mojawapo ya bora kabisa, ila mchana. Usiku wekundu ule unapauka, na kijivu cha paka wa nyumbani nacho kinapauka, vinakutana katikati. Usiku mgongo wa sikio unasaidia kwa mondo tu, kwa sababu pana weusi na doa jeupe katikati, kama jicho la bandia. Hilo huonekana vizuri.

#34 Mkulima_Rhotia
Masikio ni kijivu cheupe tu, hayana doa.

#35 Abu_Rashid_Maskati
Assalaam aleikum. Niko Oman, wazee wetu ni wa Tanga. Simbamangu huku yupo, Waarabu wanamwita anaki al-ardhi. Kimburu pia yupo, wa jangwani, rangi ya mchanga. Tatizo kubwa huku ni kwamba anazaana na paka wa mitaani. Mpaka mtu anashindwa kujua aliye mbele yake ni nani. Nadhani na nyie mtafika hapo.

#36 BabuLenzi
Tumeshafika Sheikh. Paka wa nyumbani ni mjukuu wa kimburu wa upande wa Mashariki ya Kati. Kule Kupro lilifukuliwa kaburi la mtu na paka la miaka kama 9,500. Ni damu moja, kwa hiyo wakikutana wanazaa, na watoto wao nao wanazaa. Karibu na nyumba za watu, mchanganyiko ni jambo la kutarajia.

Halafu alama zenyewe hazilingani nguvu. Paka wa nyumbani unaweza kumthibitisha kwa picha moja: akiwa na soksi nyeupe, au baka jeupe kifuani, au ile michirizi ya ubavuni inayojiviringisha kama konokono, umemaliza, hayo si ya porini. Lakini asipokuwa nayo hujathibitisha kwamba ni kimburu. Paka wengi wa vijijini wana michirizi myembamba ya kusimama, ileile waliyorithi.

#37 Dogo_Sokoni
Kwa hiyo Babu unasema hatutajua? Siku tatu tumekaa hapa!

#38 BabuLenzi
Nasema kuna vya kuegemea. Kwanza miguu. Kimburu halisi ana miguu mirefu, na akitembea mabega yanapanda juu, anakwenda kidogo kama duma. Akikaa kitako anakaa wima, kama zile sanamu za paka za Misri ya kale. Pili kimo, kama 35 kwa kimburu, paka wa kawaida yuko chini ya hapo. Tatu michirizi ya mwili, ya kimburu ni hafifu mno wakati ya miguuni imekolea. Lakini ya tatu sitaki kuitumia mpaka tujue kamera yako inaifanyaje michirizi ya paka tunayemjua.

#39 Mkulima_Rhotia
Jirani ana paka mwenye michirizi. Nitamwomba.

#40 Mama_Shughuli
Utamwambiaje sasa? "Jirani naomba paka nikampime bega usiku"? Tupe mrejesho wa hilo kwanza.

#41 Mkulima_Rhotia
Sikuomba. Niliweka dagaa sita juu ya zile nyayo, saa 4 usiku akaja mwenyewe.

Matokeo: bega lake ni kama sentimita 26 kwa kijiti. Michirizi ya ubavuni imepauka kweli, mchana huonekana kama imechorwa kwa wino, lakini usiku inabaki kidogo, unaihesabu ukikaza macho. Ya yule mgeni siihesabu. Na mkia wa huyu wa jirani unachongoka mwishoni, wa mgeni ni mnene mpaka ncha.

#42 Kipanga_wa_Mufindi
Huyo wa jirani ni dume au jike?

#43 Mkulima_Rhotia
Jike, na ni mdogo mdogo.

#44 Kipanga_wa_Mufindi
Basi mmelinganisha mgeni na kipaka kidogo cha kike halafu mnashangaa mgeni ni mkubwa. Niliwahi kuwa na dume halijahasiwa, uso kama sahani, lilikuwa linafukuza mbwa. Lipimeni hilo muone.

#45 FundiBomba
Kwa hili namuunga mkono Kipanga. Dume kubwa la paka linaweza kufika sentimita 30. Mgeni 34. Na kijiti kinaweza kukosea sentimita mbili huku na huku. Nafasi iliyobaki ni nyembamba.

#46 BabuLenzi
Ni pingamizi halali. Dume kubwa la nyumbani hunenepa uso na shingo lakini miguu huwa hairefuki kwa kiasi hicho. Mimi naegemea kimburu au mchanganyiko wenye damu nyingi ya kimburu, naegemea tu. Ukitaka kusogea mbele, funga taa nyeupe ya sola inayojiwasha mtu akipita, upate rangi. Masikio yakiwa mekundu kwa nyuma tutarudi hapa kwa Bi Sikio kumwomba radhi.

#47 Bi_Sikio
Nasubiri. Na iwe ya maandishi.

#48 Profesa_wa_Kijiweni
Na vifaranga nani kawala? Mmesahau kesi yenyewe.

#49 MwanaLaikipia
Kimburu anaishi kwa panya zaidi, kifaranga akimkuta nje hamwachi. Lakini ningewaangalia nguchiro kwanza. Wanakuja mchana, wakati kamera inawatazama watu tu. Mkulima, usije ukatega sumu. Ukimuua huyo, panya watakufuata mpaka kwenye karoti, na sheria ya wanyamapori ya 2009 nayo ipo.

#50 Mkulima_Rhotia
Situmii sumu, nina watoto. Nimeweka wavu wa matundu madogo bandani.

Ila mrejesho mwingine. Usiku wa juzi mgeni alirudi, safari hii wako wawili kwenye picha. Yeye na yule jike wa jirani, wamekaa umbali wa mita moja, hawagombani. Mgeni amekaa wima kabisa, kifua mbele, kama Babu alivyosema kwenye #38.

#51 Mama_Shughuli
Heee! Sasa hapo ukitaka damu iliyochanganyika si usubiri tu miezi miwili?

#52 Abu_Rashid_Maskati
Niliwaambia.

#53 Kipanga_wa_Mufindi
Paka dume wa kawaida naye hukaa hivyohivyo akimtongoza jike. Sijashawishika.

#54 BabuLenzi
Taa nyeupe umeshafunga?

#55 Mkulima_Rhotia
Nimefunga jana, na kamera nimeishusha mpaka usawa wa goti ili nione masikio vizuri. Usiku mzima imepiga picha 112. Zote ni jani la mchaichai.